Inchaji wa leba: niamuru, nishauriane nao au niwaachie?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni muuguzi mkunga wa miaka 34. Tangu mwaka jana ni inchaji wa wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Nina wakunga 9 chini yangu. Mmoja ni mkongwe anayekaribia kustaafu, wodi nzima tunamwita Bibi. Watano wana uzoefu wa miaka kadhaa, na watatu wametoka chuoni juzijuzi.

Aliyenitangulia alikuwa mkali kupita kiasi, nami nikaapa kufanya tofauti. Kila jambo nililileta kwenye kikao cha asubuhi, tukajadili. Watu walifurahi. Siku moja mama mmoja akaanza kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Tulikuwa watano chumbani. Kwa mazoea nikauliza, "Jamani, tunaanza na nini?" Wawili wakakimbilia kanula, mmoja akabaki ameshika tochi, na daktari wa zamu hakuitwa na yeyote kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameshampigia. Mama alipona, ila daktari alinisema mbele ya wote kwamba wodi haina kiongozi.

Tangu hapo naamuru kila kitu: rosta, likizo, hata nani afute trei. Na kweli, dharura iliyofuata tuliimaliza haraka. Lakini kikao cha asubuhi sasa kimepooza, hakuna anayefungua kinywa. Usiku mmoja friji ya dawa ilizimika, mmoja wa wale wapya akaona, akanyamaza kwa kuogopa kugombezwa. Asubuhi nikaambiwa na mhudumu wa usafi. Bibi naye, nikimuuliza lolote, hujibu, "Kama inchaji alivyosema," kisha anaendelea na kazi yake.

Nafikiria kumwachia yeye zamu zote za usiku, maana anajua kuliko mimi. Matroni ananishauri nichague msimamo mmoja ili watu wasinione kinyonga. Niwe kiongozi wa aina gani?

Inchaji, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kusemwa mbele ya watu unaowaongoza. Jambo kama hilo humfanya mtu abadilike kwa siku moja, na mabadiliko ya namna hiyo ni vizuri kuyaangalia upya akili ikishatulia.

Nianze na dharura ile ya pili, kwa sababu naona umeipa maana kubwa. Unaamini mlifanya haraka kwa kuwa ulikuwa mkali. Je, haiwezekani mlifanya haraka kwa kuwa safari hii kila mtu alijua kazi yake? Ukali na kugawa kazi ni vitu viwili, ila mara nyingi vinakuja pamoja ndiyo maana tunavichanganya. Vivyo hivyo siku ile ya kwanza: huenda kilichowaangusha si upole wako. Hakuna aliyekuwa amepangiwa kupiga simu, na swali la "tunaanza na nini" liliulizwa wakati ambapo jibu lake lilipaswa kuwa limebandikwa ukutani wiki nyingi kabla.

Aina tatu unazohangaika nazo, yaani ya amri, ya kushirikisha na ya kuachia, zilichunguzwa na mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake Lippitt na White katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1939. Walitumia vikundi vya wavulana wa takriban miaka 10 waliokuwa wakitengeneza vinyago na vitu vingine vya mikono. Kwa kifupi, vikundi vya amri vilichapa kazi kiongozi akiwepo na kulegea akitoka chumbani. Vya kushirikisha viliendelea hata kiongozi alipoondoka. Vya kuachia vilifanya kazi kidogo kuliko vyote. Wengi wanaosoma matokeo hayo huondoka na imani kwamba kushirikisha ndiko bora siku zote. Wanasahau kwamba hakuna mtoto aliyekuwa akivuja damu pale, na kwamba wavulana wale walikuwa na ujuzi unaolingana. Wewe una Bibi na una binti aliyetoka chuoni juzi, na una rosta na una damu. Kwa hiyo jibu lao linakusaidia nusu tu. Nusu hiyo bado ina thamani: ile friji ilizimika usiku, kiongozi akiwa hayupo.

Nusu nyingine waliiongeza wataalamu wa uongozi Paul Hersey na Ken Blanchard mwaka 1969. Walisema mtindo ufuate ukomavu wa anayeongozwa, na ukomavu huo una sehemu mbili: anaweza kazi hii, na yuko tayari kuibeba. Neno la kushikilia hapo ni "kazi hii". Ukomavu haukai kwa mtu mzima mzima kama cheo. Bibi anaweza kuzalisha mtoto aliyetanguliza matako huku wengine wakitetemeka, lakini mkalishe mbele ya kompyuta aingize taarifa za mgonjwa, huenda akahitaji kuelekezwa hatua kwa hatua kuliko binti wa chuo. Ukimwachia kila kitu kwa kuwa ni Bibi, utamwaibisha kwenye kompyuta. Ukimwamuru kila kitu kwa kuwa wewe ndiye inchaji, utapata lile jibu unalolipata sasa.

Halafu kuna uharaka. Nakuomba uupime kwa swali moja: tukichelewa, ni baada ya muda gani madhara hayatarudishika nyuma? Mtoto aliyezaliwa hapumui, hesabu ni dakika moja. Mama anayetokwa damu, kila dakika inahesabika, na ndani ya saa chache tu mnaweza kumpoteza. Friji iliyozimika ni suala la saa, kwa sababu oksitosini, dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua, hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 na joto huipunguzia nguvu pasipo kubadilisha sura yake. Rosta ya mwezi ujao ni siku kadhaa, hata kama watu wanaipigia kelele kuliko vyote. Kelele huwadanganya viongozi wengi. Wanaamuru kwenye rosta kwa sababu inawakera, na wanasitasita kwenye damu kwa sababu inawatisha.

Sasa tuone inavyokuwa kwa vitendo. Chukua damu kwanza.

Amri ya dharura inaandaliwa siku ya utulivu, na hapo ndipo ushirikishwaji wako wa zamani ungefaa sana. Mwanzo wa kila zamu, wakati wa kukabidhiana, chukueni dakika mbili mgawane nafasi: nani atapiga simu, nani atakuwa kichwani mwa mama, nani atakanda mfuko wa uzazi, nani atashika dawa na drip, nani ataandika saa na kiasi. Zamu yenye watu wawili tu igawane pia, kila mmoja na nafasi zaidi ya moja, na ijulikane ni nani wa jengo la jirani ataitwa. Kubalianeni pia ni kitu gani kinachoanzisha dharura, ili mtu wa mwisho kuajiriwa aweze kuitangaza bila kuomba ruhusa. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Tanzania, Kenya, Naijeria na Afrika Kusini na kutolewa mwaka 2023, ulitumia mfuko wenye alama za mililita unaowekwa chini ya mama. Damu ikifika mililita 500, au 300 pamoja na dalili nyingine mbaya, timu inaanza matibabu yote kwa mkupuo badala ya kujaribu moja na kusubiri. Kutokwa damu kupita kiasi kulipungua sana pale. Kwa jicho la uongozi, mfuko ule unafanya jambo moja la maana: unaondoa mjadala wa "hii ni nyingi au ya kawaida?"

Dharura ikianza, simama miguuni mwa mama unapoweza kuwaona wote, na mikono yako iwe mitupu ikiwezekana. Kosa linalojirudia ni inchaji hodari kuchukua kanula mwenyewe kwa sababu yeye huipata haraka. Akishainama kwenye mkono wa mgonjwa haoni tena chumba, na timu imepoteza kiongozi bila kujua. Kila amri iwe na jina, kazi na kiasi. Usiseme "mtu alete drip", maana huyo "mtu" hayupo chumbani. Sema, tuseme, "Rehema, drip lita moja na oksitosini yuniti 20." Naye arudie, "Drip lita moja, oksitosini 20," na akimaliza aseme, "Imeingia." Kisha, "Bibi, traneksamiki gramu moja mshipani, taratibu kwa dakika 10." Dozi nimezitaja kwa mfano, ninyi mfuate mwongozo uliobandikwa wodini kwenu. Ila kurudia kule msikuache. Bila kurudia, utadhani dawa imeingia kumbe bado iko kwenye trei, au itaingia mara mbili.

Umeona pia kwamba "Bibi" limebaki pale pale. Mabinti wengi wanaoongoza wakubwa zao hudhani wachague kati ya heshima na amri, wakaishia kuomba: "Samahani Bibi, kama hutajali, labda ungetusaidia..." Hilo ni sekunde kadhaa na maana haieleweki. Jina la heshima mbele, amri fupi nyuma, sauti ya kawaida. Mkunga mkongwe haoni kuvunjiwa heshima hapo, anaijua leba kuliko wewe. Anavunjiwa heshima unapomwamuru afute trei.

Baada ya amri za kwanza, uliza mara moja kwa sauti: "Kuna kitu sijakiona?" Swali hili si la kujadili, ni la kufungua masikio, kwa sababu hatari ya uongozi wa amri ni kwamba kiongozi akikosea wote wanakosea pamoja naye kwa utii. Anayejua kondo la nyuma limetoka pungufu anaweza kuwa yule binti aliyelishika. Mama akishatulia, tangaza: "Dharura imekwisha." Tamko hilo ndilo linalokuvua koti la amri mbele ya macho ya watu. Wewe hukulivua, nadhani. Ulitoka nalo leba ukaingia nalo kwenye kikao cha asubuhi.

Kabla zamu haijaisha, kaeni dakika 10 mpitie yaliyotokea. Aanze kusema mdogo kuliko wote, Bibi awe wa mwisho, na wewe baada ya Bibi. Mkubwa akitangulia, wadogo watasema "kama alivyosema." Ulizeni tulichelewa wapi na kifaa gani kilikosekana, msiulize nani alikosea. Kikao hiki kikigeuka baraza la kuhukumu hata mara moja, hautasikia la maana tena kwa muda mrefu, na huenda ndipo ulipo sasa na yule binti wa friji. Yeye naona alifanya hesabu: kusema kuna hakika ya kugombezwa, kunyamaza kuna uwezekano wa kutojulikana. Unaweza kubadilisha hesabu hiyo bila kubembeleza. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji yenye safu ya saa, nyuzijoto na sahihi, isomwe asubuhi na jioni. Chini yake iandikwe cha kufanya joto likipita 8: dawa zihamishiwe kwenye kasha la baridi, andika saa uliyogundua, mpigie inchaji na mfamasia, na dawa zile zisitumike mpaka mfamasia aseme. Akipiga simu saa nane usiku, neno lako la kwanza liwe "asante kwa kuniambia." Utaona kama inafanya kazi kwa kuangalia nani anakuletea habari mbaya. Zikija kutoka kwa mhusika mwenyewe, mambo yanatengemaa. Zikiendelea kuja kupitia mhudumu wa usafi, bado wanakuogopa.

Rosta ndiyo mahali pa kushirikisha, lakini nayo ina mtego wake. Ukisema "jipangieni wenyewe", wenye uzoefu watapanga, na wale watatu wapya watajikuta na usiku wa Iddi, wa Krismasi na wa mwaka mpya. Watanyamaza kwa adabu, nawe utaita hayo makubaliano. Tangulia na mambo yasiyojadiliwa: kila zamu iwe na angalau mkunga mmoja mzoefu, wapya wawili wasiachwe peke yao, idadi ya usiku mfululizo ina kikomo, sikukuu zinazunguka. Kisha sema wazi ni nani mwenye neno la mwisho na lini: "Andikeni maombi yenu mpaka tarehe 20, tarehe 23 nitatoa rosta." Ikiwa tayari umeshaiandika kichwani, usiite kikao. Watu husamehe amri waliyopewa kama amri kuliko maoni waliyoombwa yakatupwa.

Linalobaki ni Bibi na zamu za usiku. Naelewa kwa nini wazo hilo linakuvutia. Nakuuliza tu: unamwachia kwa sababu ameiva kwa kazi ile, au kwa sababu "kama inchaji alivyosema" imekuchosha? Jiulize pia kama yeye anazitaka. Anayekaribia kustaafu kupewa usiku wote anaweza kuisoma kama adhabu, na mwili wake una haki ya kusikilizwa. Tena, zikiwa zake zote, wale watano hawatakomaa, na siku atakapostaafu utabaki na pengo.

Kuachia kuna sura mbili. Kuna kule kwa vikundi vya Iowa, ambapo kiongozi alikaa pembeni na hakuna aliyejua kinachotarajiwa. Na kuna kukabidhi, ambako mtu anaambiwa matokeo yanayotakiwa, anapewa mamlaka ya kuyafikia kwa njia yake, na mnakubaliana ni lini akuite. Kwa Bibi, hiyo inaweza kuwa: usiku ulio wake, yeye ndiye anayepanga nani ashike kitanda kipi, yeye anaamua kumwita daktari pasipo kukupigia wewe kwanza. Anakupigia kwa mambo matatu tu: mama anayepelekwa rufaa, kifo, au upungufu wa dawa na watumishi unaozuia kazi. Asubuhi mnakaa dakika 5 kwenye makabidhiano. Usipopanga hilo la mwisho, kukabidhi kutageuka kutelekeza ndani ya mwezi, bila yeyote kukusudia.

Ungeweza pia kuanza na kidogo zaidi: kumpa afundishe wale wapya kushona michaniko au kusoma partografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, kwa ratiba atakayoipanga mwenyewe. Faida yake ni kwamba akikataa hukupoteza zamu, na akikubali utamsikia akiongea tena. Hatari yake ni kuwa wapya wataiga pia mazoea yake ya zamani yasiyolingana na mwongozo wa leo, kwa hiyo pitieni mwongozo wote watatu kwanza, yeye, wewe na daktari. Na kabla ya lolote, ningemwendea faragha, nimwamkie, nimuulize amekuwa akiona nini tangu siku ile ya damu. Huenda jibu lake likakuuma. Huenda pia akakwambia kwamba siku ile alikuwa akisubiri umtaje jina.

Matroni hajakosea kuogopa kinyonga. Wodi inayobahatisha inchaji ameamkaje inaumia kweli. Lakini watu hubahatisha pale ambapo mtindo unafuata hisia za kiongozi. Ukifuata kazi, na wakaijua kanuni mapema, wataweza kukutabiri. Unaweza kuliweka hilo mezani kwenye kikao kijacho kwa sentensi chache: nikitangaza dharura nitaamuru na mtarudia amri, rosta na taratibu za wodi tutajadili, nitaamua kwa tarehe tuliyokubaliana, mwenye kazi aliyokabidhiwa sitamwingilia mpaka aniite. Kisha nyamaza, uwaache waulize. Wakikaa kimya mara ya kwanza usishangae, wamezoea hivyo miezi sasa. Pengine ukipitisha karatasi waandike bila majina, ukaisoma yote mbele yao pamoja na yanayokuuma, mtapata pa kuanzia.

Ni lipi kati ya haya lianze, friji, rosta au Bibi, wewe uliyemo wodini ndiye unayeona. Ukipenda, niandikie tena baada ya rosta moja au mbili, unieleze hasa wale watatu wapya wanasemaje.

Mshauri